Fomula zote ninazo kichwani, mbona PMP imenishinda?

*"Habari mtaalamu. Mimi ni mhandisi na nimesimamia miradi kwa miaka tisa. Nilifanya mtihani wa PMP nikafeli. Matokeo yanasema Mchakato niko juu ya kiwango, Watu niko chini ya kiwango, na Mazingira ya Biashara 'inahitaji kuboreshwa'. Fomula zote ninazo kichwani. Wenzangu wananiambia nisome Pembetatu ya Vipaji upande kwa upande, kwa sababu mtihani umegawanywa kwa pande zake tatu. Je, nikikariri uongozi na biashara kama nilivyokariri fomula, nitafaulu?"*

Hapana, ndugu yangu, kukariri hakutakufikisha. Na kabla hujanunua kitabu kingine, tuisome vizuri ripoti yako ya matokeo, maana ina habari zaidi ya ulizoziona.

PMI, taasisi inayotoa cheti cha PMP cha usimamizi wa miradi, haitangazi alama ya kufaulia. Inakupa kiwango chako katika kila eneo, basi. Mtu akiona maneno "inahitaji kuboreshwa" anakimbilia eneo hilo hilo, kwa kuwa ndilo lililotajwa kwa ukali. Lakini angalia uzito. Katika muhtasari wa mtihani ulioanza kutumika Januari 2021, Watu wana asilimia 42, Mchakato asilimia 50, na Mazingira ya Biashara asilimia 8 tu. Maswali ni 180, matano kati yake hayahesabiwi ingawa huwezi kuyatambua. Kwa hiyo biashara ilikuletea maswali kama 14, na watu wakakuletea kama 75. Ukiwa chini ya kiwango kwenye maswali 75, hapo ndipo mtihani ulipokuponyoka. Yale 14 peke yake yasingekuzuia.

Sasa hesabu hiyo inageuka. Kwa mtihani mpya unaoanza Julai 2026, Watu wanashuka hadi asilimia 33, Mchakato asilimia 41, na Mazingira ya Biashara yanapanda hadi asilimia 26. Udhaifu ambao kwenye mtihani wa zamani ungeweza kuubeba ukapita nao, kwenye mpya unagusa zaidi ya robo ya kazi yote. Basi jambo la kwanza la kuamua ni utafanya toleo lipi. La zamani, tumia nguvu kwenye watu. Jipya, watu na biashara vyote viwili, bila kukwepa.

Kuhusu pembetatu, wenzako wamechanganya vitu viwili. PMI iliileta mwaka 2015 ikiwa na pande tatu: usimamizi wa kiufundi wa mradi, uongozi, na usimamizi wa kimkakati na kibiashara. Mwaka 2022 pande zikapewa majina mapya yanayozungumzia njia za kufanya kazi, stadi za kuongoza watu, na uelewa wa biashara. Pembetatu hiyo inaeleza meneja mradi aliyekamilika ni mtu wa namna gani, na inakubana rasmi baada ya kufaulu: cheti kinahuishwa kwa PDU 60, yaani vipimo vya kujiendeleza kitaaluma, kila miaka mitatu, angalau 35 zikiwa za kujifunza, na katika hizo lazima upate zisizopungua 8 kwa kila upande. Mtihani wenyewe unatungwa kutoka kwenye muhtasari wa mtihani, ambao umegawanywa kwa maeneo na kazi za meneja. Maeneo yanafanana na pande za pembetatu, lakini hayalingani moja kwa moja. Katika muhtasari wa 2021, kwa mfano, kusimamia mawasiliano na kushirikisha wadau vimewekwa chini ya Mchakato. Mtu anayesoma "upande wa kiufundi" akidhani Mchakato ni ratiba na gharama tu, anakutana na mdau mwenye hasira pale alipotarajia hesabu.

Kinachokusumbua, nionavyo mimi, hakihusiani sana na ulichokisoma. Swali la PMP kwa kawaida linakupa hali, kisha linauliza meneja afanye nini kwanza, au nini kinachofuata. Majibu yote manne huwa na sura ya kitu ambacho meneja mzuri angekifanya siku moja au nyingine. Linalopimwa ni kama unatambua wakati huu unadai ujuzi upi. Mhandisi mwenye uzoefu ana hatari yake hapa: akiona namba ndani ya swali, mkono unakwenda kwenye namba. Ngoja nikuonyeshe kwa mradi mmoja, nibadilishe sentensi chache tu.

Kampuni ya usambazaji inajenga mfumo mpya wa kusimamia akiba ya ghala. Bajeti yote, BAC, ni 480,000, na muda ni miezi 12. Mwezi wa sita umekwisha. Kazi iliyopangwa kufika hapo, PV, ina thamani ya 240,000. Iliyofanyika kweli, EV, ni 192,000. Fedha zilizotumika, AC, ni 240,000. Ufanisi wa gharama, CPI, na ufanisi wa ratiba, SPI, kwako ni kazi ya dakika moja:

```
CPI = EV / AC = 192,000 / 240,000 = 0.8
SPI = EV / PV = 192,000 / 240,000 = 0.8
```

Mradi umechelewa na unakula fedha kuliko kazi inayotoka. Hadi hapo hakuna swali, kuna hali tu.

Swali la kwanza linamalizia hivi: "Mdhamini anataka kujua mradi utagharimu kiasi gani hadi mwisho." Huu ni upande wa kiufundi, lakini hata hapa tahadhari. Kama swali limesema kasi hii itaendelea, unagawa 480,000 kwa 0.8 na kupata 600,000. Kama limesema hasara ilitokana na tukio la mara moja, tuseme mtambo ulioharibika ukabadilishwa, kazi iliyobaki inachukuliwa kuwa itakwenda kwa gharama iliyopangwa: 240,000 zilizotumika kujumlisha 288,000 za kazi iliyobaki, ambayo ni 528,000. Tofauti ya 72,000 kati ya majibu hayo mawili inaamuliwa na maneno ya swali kuhusu chanzo. Fomula mbili zote unazijua. Aliyeruka sentensi ya chanzo atapiga hesabu sahihi na kukosa swali, na jibu lake potofu atalikuta limeandikwa pale pale kati ya manne, linamsubiri.

Swali la pili lina namba zile zile, ila linaongeza: "Meneja amegundua kwamba sehemu kubwa ya kazi imerudiwa kwa sababu mtaalamu wa hifadhidata na mtaalamu wa skrini za watumiaji hawaelewani, kila mmoja anabadilisha kazi bila kumwambia mwenzake. Meneja afanye nini kwanza?" Majibu: kuomba nyongeza ya bajeti kupitia kamati ya mabadiliko, kuwaripoti wawili hao kwa wakuu wa idara zao, kuketi nao wote wawili kutafuta kiini cha mgogoro, au kumwondoa mmoja kwenye mradi.

Nina hakika ulivutwa na la kwanza, au angalau ulilikodolea macho. Bajeti haitoshi, ombi la mabadiliko lina utaratibu unaoujua, na kila kitu ndani yake ni cha haki. Lakini angalia CPI inakwambia nini na haikwambii nini. Inakwambia umepotoka kiasi gani. Haikwambii kwa nini. Ukipiga hatua moja zaidi utaona hesabu yenyewe inakusukuma kutoka nje ya hesabu. Ili kumaliza ndani ya bajeti ya awali, kazi iliyobaki ya 288,000 inatakiwa ifanyike kwa fedha zilizobaki za 240,000, yaani kila kinachotumika kitoe kazi ya 1.2. Timu inatoa 0.8 leo. Haiwezi kupanda nusu zaidi huku wataalamu wawili wakibomoleana kazi, na ukiongeza fedha utakuwa unanunua marudio zaidi. Jibu ni kuketi nao. Mgogoro unashughulikiwa mapema, na wenyewe wanaohusika, kwa kutafuta chanzo badala ya kutafuta wa kulaumiwa, na meneja hapandishi ngazi jambo ambalo bado liko ndani ya uwezo wake.

Tuachane kidogo na mradi wetu, maana hapa ndipo vikundi vya kusomea vinapopotosha watu. Utasikia kanuni ya mtaani kwamba jibu la "peleka kwa mkubwa" ni kosa siku zote, na "zungumza na timu" ni sahihi siku zote. Siyo kweli. Badilisha sentensi moja: "Meneja amekwisha keti nao mara mbili, wamekubaliana, na makubaliano yamevunjwa tena, wataalamu hao wako chini ya wakuu wa idara na meneja hana mamlaka ya kuwapangia kazi." Sasa hatua iliyo karibu imekwisha tumika, na mamlaka yako kwingine. Kwenda kwa wakuu wa idara linakuwa jibu la busara. Badilisha tena: mmoja wao ameingiza matokeo ya uongo kwenye ripoti ya majaribio. Huo si mgogoro wa kupatanisha, ni suala la maadili, na linaripotiwa kwa wahusika. Kanuni ya kukariri ingekuangusha katika hali zote mbili. Kinachosaidia ni kujiuliza mambo mawili kabla ya kutazama majibu: ni nini kimekwisha fanyika hadi sasa, na uamuzi huu ni wa nani?

Swali la tatu ndilo lililonifanya nichague mradi huu. Namba hazijabadilika, wataalamu wamepatana. Linaongezwa hili: "Sheria mpya imetangazwa ambayo itafanya moduli ya kutoa taarifa za kodi isihitajike. Meneja afanye nini?" Majibu: kuendelea na moduli kwa kuwa iko kwenye upeo ulioidhinishwa, kusimamisha kazi ya moduli mara moja, kutathmini athari kwa manufaa ya mradi na kumpelekea mdhamini chaguzi, au kubana ratiba ili kufidia muda uliopotea.

Mtu wa mchakato huchagua la kwanza, kwa hoja kwamba upeo umetiwa saini na hakuna ombi la mabadiliko lililoletwa. Mtu wa vitendo huchagua la pili. La tatu ndilo sahihi, na tufanye tathmini yenyewe ili uone kwamba "biashara" kwenye mtihani huu ina hesabu yake. Tuseme hoja ya kibiashara, yaani sababu iliyofanya mradi uidhinishwe, ilitegemea manufaa ya 700,000, na baada ya sheria mpya kutoka, makadirio ya manufaa ya mfumo mzima yameshuka hadi 350,000. Makadirio ya mwisho ya gharama ni 600,000, na 240,000 zimekwisha tumika, kwa hiyo zimebaki 360,000 za kutoa. Mtu atalia, "tumeshamwaga 240,000, hatuwezi kuacha sasa." Fedha hizo hazirudi, uendelee au uache, kwa hiyo hazina kura. Kinacholinganishwa ni kitakachotoka kuanzia leo na kitakachoingia kuanzia leo: kutoa 360,000 ili kupata 350,000. Ukiendelea kama ulivyo, kila kitu kikienda sawa, unapoteza 10,000 zaidi.

Lakini moduli ya kodi ilikuwa bado haijaanza, na tuseme kuiondoa kunapunguza 90,000 kwenye gharama iliyobaki. Sasa unatoa 270,000 kupata yale yale 350,000, kwa sababu moduli isiyohitajika haikuwa na manufaa ya kuongeza. Mradi unarudi kuwa na faida ya 80,000 mbele yake. Nimeacha kando thamani ya fedha kushuka kadiri muda unavyopita, ili hesabu isitufunike, ila kwenye kazi halisi usiiache. Meneja anampelekea mdhamini njia tatu, yaani kuendelea, kuondoa moduli, kufunga mradi, kila moja na namba zake, na anasema yeye anapendekeza ipi. Kuamua ni kwa mdhamini. Mpaka huo ndio unaopimwa mara nyingi: meneja anayekaa kimya akijenga kitu kisicho na maana amekosa, na meneja anayefunga kazi kwa uamuzi wake mwenyewe naye amekosa.

Unaona basi kwamba mradi ni ule ule na CPI ni ile ile, ila sentensi ya mwisho ndiyo iliyosema ni ujuzi upi. Na ukichunguza swali la tatu kwa undani, utakuta hesabu ya kiufundi, tathmini ya biashara na mazungumzo magumu na mdhamini vyote viko ndani. Ndiyo maana kusoma upande kwa upande hakusaidii sana; maswali mazuri yanavuka pande.

Sasa kazi ya kufanya. Usianze na maswali mapya mia tano. Chukua maswali ya mazoezi uliyokwisha kosa, na kwa kila moja andika kwa maneno yako kwa nini jibu ulilochagua lilikuvutia. Makosa yatajigawa yenyewe. Mengine ni ya kutojua, nayo yanatibika kwa kusoma. Mengine ni ya kutosoma hali: uliruka neno "kwanza", au hukuona kwamba mpango ulikuwa bado haujaidhinishwa, au timu ilikuwa inafanya kazi kwa mizunguko mifupi, ambako anayepanga vipaumbele ni mwenye bidhaa na si meneja. Aina ya tatu ndiyo ninayoihofia kwako: ulichagua kile ambacho kazini kwenu kingefanyika. Miaka tisa imekujengea mazoea, na mazoea ya sehemu moja, ambako bosi ndiye anayesuluhisha kila mgogoro na mkataba haufunguliwi tena, yanaweza kuwa kinyume na mtihani unavyotaka. Mtihani unamfikiria meneja mwenye mamlaka ya kutosha kuzungumza na watu wake na mdhamini anayesikiliza. Kazini huenda hayupo mtu wa namna hiyo. Jibu kwa meneja wa kwenye swali.

Zoezi jingine ambalo naliamini kuliko majaribio marefu ni hili nililokufanyia hapa. Chukua swali moja, lijibu, kisha libadilishe sentensi moja ili jibu jingine kati ya yale manne liwe sahihi. Ukishindwa kutengeneza hali ambayo "peleka kwa mkubwa" ni sahihi, bado hujaelewa kwa nini mara ya kwanza lilikuwa kosa. Ni zoezi la polepole, swali moja linaweza kula robo saa. Acha kasi ije baadaye. Kwenye toleo la 2021 una dakika 230, kama sekunde 76 kwa swali, na anayejua kutafuta sentensi inayoamua huwa hazimtoshi tu bali zinambakia.

Kuna mahali ambapo kusoma peke yako hakufai. Ikiwa makosa yako mengi yako kwenye aina ya tatu, tafuta mtu aliyepita mtihani huu, au kikundi kidogo, ukae nao uso kwa uso na kujibu kwa sauti ukieleza sababu. Mazoea ya kazini hayaonekani kwa mwenyewe. Mwenzako atayasikia sentensi ya pili. Kwa upande wa biashara, mwombe mdhamini wa mradi wako wa sasa au mtu wa fedha akuonyeshe hoja ya kibiashara iliyouzaa mradi huo, na umuulize ni badiliko gani lingemfanya aufunge. Wahandisi wengi wameongoza miradi hadi mwisho bila kuiona karatasi hiyo. Na kama ulipokaa kwenye chumba cha mtihani mikono ilitetemeka au akili ikafunga kabisa, hilo halitatibiwa na maswali ya mazoezi. Mwone mshauri au daktari kwanza, kisha uangalie utaratibu wa PMI wa kuomba mazingira maalumu ya kufanyia mtihani.

Mwisho, tazama tarehe zako. Ruhusa ya kufanya mtihani ni ya mwaka mmoja, na ndani yake una nafasi tatu, moja umekwisha itumia. Usilipie ya pili mpaka uweze kuchukua maswali kumi ya eneo la Watu ambayo hujawahi kuyaona, na kwa kila moja ukaeleza kwa nini majibu matatu mengine si ya wakati huo.